Katika Ukungu Hakuna Mwenye Njia

Bahari ikiwa wazi, sheria ya kupishana haina tofauti kubwa na ya barabarani. Meli mbili zenye injini zikikatana njia, ile inayomwona mwenzake upande wake wa kulia ndiyo inayopisha. Nyingine hushikilia mwendo na uelekeo wake bila kuyumba, ili mwenzake ajue anapisha nini. Kuna anayepisha na kuna anayepishwa. Wanafunzi wa ubaharia hulipenda somo hili kwa sababu lina jibu. Unatazama taa za mwenzako, unajua yuko upande gani, unajua haki ni ya nani.

Halafu wanafika kwenye Kanuni ya 19. Ni katika zile Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, na inazihusu meli zisizoonana kwa macho: ndani ya ukungu, mvua kubwa, theluji au vumbi la jangwani. Ukiisoma mara mbili tatu utagundua kuna kitu hakimo. Anayepishwa hayumo. Kila meli inapaswa kwenda kwa mwendo salama, kila meli iliyomwona mwenzake kwa rada peke yake inapaswa kupima kama kuna hatari, na ikiwa ipo, kila moja inapaswa kuchukua hatua mapema. Uliyekuwa na haki dakika kumi zilizopita kwenye jua, ukiingia ndani ya ukungu huna tena.

Kwa muda mrefu jambo hili lilinisumbua. Haki gani hii inayoyeyuka kwa sababu ya hali ya hewa? Ikiwa nina haki ya kupita, nina haki hata gizani. Au sivyo? Nimekuja kuamini kwamba kanuni ile ina busara kuliko nilivyodhani, na busara yenyewe imejificha mahali ambapo wengi wetu tuliona hesabu tu: katika namna nukta inavyotembea kwenye skrini ya rada.

Tuanzie hapo. Rada katika mpangilio wake wa kawaida huiweka meli yako katikati ya duara. Wewe hutembei. Hata ukienda kasi kiasi gani, uko palepale katikati, na dunia nzima ndiyo inayosogea. Boya lililotia nanga, ambalo halijasogea hata hatua moja tangu mwaka jana, litaonekana likikujia kutoka mbele kwa kasi ileile unayokwenda wewe. Meli inayokwenda sambamba nawe kwa kasi yako itaonekana imesimama. Kwa hiyo nukta inayotembea kwenye skrini haionyeshi mwendo wa mwenzako. Inaonyesha mwendo wake baada ya kuchanganywa na wako.

Mwalimu wetu wa rada, kepteni mstaafu aliyetumia miaka yake mingi kwenye meli za mafuta, alikuwa na mchezo mmoja. Angetuonyesha nukta mbili zilizopigwa kwa kalamu ya nta kwenye kioo, moja ya zamani na moja ya sasa, kisha angeuliza, “Haya, huyu anaelekea wapi?” Siku ya kwanza kijana mmoja akajibu haraka, “Anatujia sisi, Kepteni.” Mzee akamtazama kwa upole. “Mwanangu, nimekuuliza anaelekea wapi. Wewe umeniambia mnakutana wapi. Hayo ni maswali mawili.”

Ngoja nikuonyeshe tofauti yake kwa mfano, maana bila mfano haya yanabaki maneno. Chukua karatasi kama unayo.

Meli yetu inaelekea kaskazini moja kwa moja kwa noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa. Ukungu umefunga. Saa nne kamili usiku tunaiona nukta umbali wa maili 10, nyuzi 37 kulia kwa omo yetu. Tunaiita O. Tunasubiri dakika 12, tunapima tena: sasa iko maili 7.3, nyuzi 35. Tunaiita A. Chora mstari kutoka O hadi A, kisha uendeleze mbele bila kuupinda. Huo ndio mstari ambao nukta itaufuata ikiwa hakuna kitakachobadilika, si kwake wala kwetu. Hautapita katikati ya duara, pale tulipo. Utapita pembeni kidogo, na mahali unapotukaribia kuliko kwingine kote ni maili 0.9 hivi. Huo ndio umbali ambao rada za leo huuandika zenyewe kando ya skrini kwa herufi CPA, na muda uliobaki kabla ya kufika hapo huuandika TCPA. Kwetu sisi ni kama dakika 32.

Utazame tena ule mstari. Unashuka kutoka kaskazini mashariki kuja kusini magharibi, karibu kabisa na sisi. Macho yanaapa kwamba meli ile imetuelekezea omo. Lakini sasa toa mwendo wetu. Katika dakika 12, kwa noti 10, tumekwenda maili 2 kaskazini. Kama pale O palikuwa na boya, sasa lingeonekana maili 2 kusini ya O. Mahali hapo pape jina W. Boya lingekuwa W, lakini nukta yetu iko A. Tofauti iliyopo kati ya W na A ndiyo kazi aliyoifanya mwenzetu mwenyewe, kwa injini yake na usukani wake. Ukiipima utakuta ni maili 1.8, moja kwa moja magharibi. Maana yake hakutuelekezea omo hata kidogo. Anakata njia mbele yetu kwa noti 9, ubavu wake wa kushoto ukitutazama, huenda hana habari nasi. Ule “ujio” wote wa kusini tuliouona, kila mita yake, ulikuwa wetu. Sisi ndio tuliokuwa tunamjia.

Kwangu hapa ndipo hesabu inapoacha kuwa hesabu peke yake. Lugha yetu inasema kirahisi tu, “chombo kinakuja.” Rada inasema sentensi hiyo haijakamilika. Kila ninachokiona cha mwenzangu kina sehemu yangu ndani yake, na sehemu hiyo haina rangi tofauti wala alama. Lazima niitoe kwa makusudi, kwa kalamu, na nikikosea kujua mwendo wangu mwenyewe nitakosea kumjua yeye. Kwenye jua naweza kusahau jambo hili, kwa sababu naona taa zake, naona omo yake imeelekea wapi. Taa zake ni ushahidi wake mwenyewe. Ndani ya ukungu sina ushahidi wake, nina tofauti yetu tu. Na haki ya njia, ukiifikiria vizuri, haiwezi kusimama juu ya tofauti. Inahitaji watu wawili ambao kila mmoja anajua mwenzake anamwonaje.

Sasa twende Atlantiki, kusini ya kisiwa cha Nantucket, Marekani, usiku wa Julai 25, 1956. Wanaosoma rada hawawezi kuukwepa usiku huo. Meli ya abiria ya Italia, Andrea Doria, ilikuwa inaingia New York ikitokea Genoa, na watu zaidi ya 1,700 ndani yake. Meli ndogo zaidi ya Sweden, Stockholm, ilikuwa imetoka New York siku hiyohiyo ikienda Gothenburg. Doria ilikuwa ndani ya ukungu, ikienda karibu noti 22, pungufu kidogo tu ya mwendo wake wa kawaida, kwa kuwa ratiba ilitaka ifike asubuhi. Stockholm ilikuwa nje ya ukungu, kwenye hewa safi, ikienda noti 18, na afisa wa zamu wake, kijana wa miaka 26 aitwaye Johan-Ernst Carstens-Johannsen, hakuwa na sababu ya kupiga honi ya ukungu. Zote mbili zilikuwa na rada. Zote mbili ziliona nukta.

Kwenye Doria, Nahodha Piero Calamai na maafisa wake waliiona Stockholm ikiwa kama maili 17, nyuzi 4 kulia kwa omo. Wakahesabu kichwani: huyu yuko kulia kwetu, atapita kulia kwetu, kama maili moja. Hawakuchora nukta zake. Walimtazama tu akikaribia. Kwenye Stockholm, Carstens alichora. Kwa maelezo yake, umbali wa maili 10 nukta ilikuwa nyuzi 2 kushoto, na umbali wa maili 6 ilikuwa nyuzi 4 kushoto. Ukiziunganisha nukta hizo mbili unapata umbali wa kupishana wa nusu maili hivi, kushoto kwa kushoto.

Mmoja anamwona mwenzake kulia. Mwingine anamwona mwenzake kushoto. Wasomaji wengi wa kisa hiki husimama hapo na kuuliza nani alisema uongo. Mimi nadhani swali hilo ni la haraka mno. Nyuzi moja, kwa umbali wa maili 10, ni sawa na sehemu ya sita ya maili. Ikiwa mshika usukani anaiacha omo iyumbe nyuzi 2 huku na nyuzi 2 kule, na ukasoma pembe ya nukta kutokea kwenye omo bila kujua sekunde ile omo ilikuwa imeelekea wapi hasa, basi pembe yako imekosea kwa theluthi moja ya maili. Umbali wote uliokuwa unajivunia ni nusu maili. Kwenye Stockholm pembe ilisomwa kutokea kwenye omo, na mshika usukani wa usiku ule, kwa ushahidi uliotolewa baadaye, hakuwa mwangalifu sana wa dira. Kwenye Doria hakukuwa na mchoro wa kuonyesha kama pembe ilikuwa inafunguka au imesimama. Meli mbili zinazokaribiana uso kwa uso ndizo zinazodanganya kuliko zote, kwa sababu “kulia” na “kushoto” vimetenganishwa na nyuzi mbili tatu, na nyuzi mbili tatu zinaweza kuwa uyumbaji wa meli yako mwenyewe.

Kanuni za leo zina sentensi moja kuhusu hilo, ambayo maafisa husoma kwa sauti wakati wa mtihani: usifanye makisio kwa kutegemea taarifa haba, hasa taarifa haba za rada. Neno “haba” ndilo zito hapo. Halisemi taarifa za uongo. Taarifa inaweza kuwa kweli na bado ikawa haba, kama ilivyokuwa kweli kwamba nukta ilionekana nyuzi 4 kulia saa ile.

Hebu sasa tutazame dakika zilizobaki, maana kasi zao zikijumlishwa zilikuwa karibu noti 40. Kila dakika moja na nusu maili moja ilikuwa imeliwa. Kutoka maili 10 hadi kugusana ni robo saa. Umbali ulipofika maili 3.5 hivi, Nahodha Calamai aliamuru meli igeuke nyuzi 4 kushoto, ili nafasi ya kupishana iongezeke kidogo. Alikuwa baharia wa miaka mingi na mtu makini, na sielezi haya kumhukumu. Nataka tu tuzipime zile nyuzi 4.

Kutoka maili 3.5 zilikuwa zimebaki kama dakika 5. Katika dakika hizo Doria ingekwenda karibu maili 2. Maili 2 kwa kupinda nyuzi 4 zinakusogeza pembeni kwa kama mita 250. Doria yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 212. Kwa hiyo nafasi yote iliyonunuliwa kwa amri ile ilikuwa urefu wa meli na kidogo juu yake. Lakini hilo si baya kuliko yote. Fikiria sasa skrini ya upande wa pili. Kwenye rada ya Stockholm, mstari wa nukta ungepinda kiasi gani kwa sababu ya amri ile? Nimepiga hesabu: nyuzi 2 tu. Yaani uleule ukubwa wa uyumbaji wa usukani. Uamuzi uliofanywa kwa nia njema kabisa ulifika upande wa pili ukiwa na sura ya makosa ya kupima. Haukusomeka.

Zilipoonana taa, umbali ulikuwa umeshapungua hata kuliko maili 2. Carstens aligeuza kulia ili azidishe nafasi ya kushoto kwa kushoto. Doria ilipomwona anageuka kuja upande wake, ikageuza kushoto kabisa kujaribu kumkimbia. Kila mmoja alikuwa anakamilisha mpango wake, na mipango ile miwili ilikuwa kinyume. Omo ya Stockholm, iliyoimarishwa kwa ajili ya barafu, iliingia ubavuni mwa Doria upande wa kulia muda mfupi baada ya saa tano usiku. Msichana wa miaka 14 aliyekuwa amelala kwenye Doria alikutwa hai juu ya omo iliyopondeka ya Stockholm. Dada yake aliyelala chumba hichohicho alikufa. Jumla walikufa watu 51. Doria ilizama asubuhi yake, na kesi ikamalizika kwa makubaliano mwanzoni mwa 1957, bila mahakama kutamka nani mwenye kosa.

Mabaharia walitunga jina la kejeli kwa ajali za aina hii: migongano iliyosaidiwa na rada. Kejeli ni tamu lakini inatupotosha kidogo, kwa sababu inakifanya chombo kuwa mhalifu. Rada ilisema kweli usiku ule. Ilisema kuna mtu mbele. Iliyobaki waliisema wenyewe.

Sasa rudi kwenye ule mfano wetu wa karatasi, nukta ikiwa A, maili 7.3, umbali wa kupishana maili 0.9. Ndani ya ukungu maili 0.9 si nafasi, ni bahati. Tufanye nini? Kanuni inasema, kwa meli iliyo mbele ya ubavu wako ambayo huipiti kutoka nyuma, jiepushe kugeuza kushoto. Basi tugeuze kulia. Kwa kiasi gani?

Tukigeuza nyuzi 5, umbali wa kupishana unapanda kutoka 0.9 hadi maili 1.2. Kwa karatasi ni maendeleo. Lakini kwenye skrini ya mwenzetu mstari wetu umepinda chini ya nyuzi 3, na yeye atadhani ni mawimbi. Tukigeuza nyuzi 30, umbali unafika karibu maili 3, na mstari wetu kwenye skrini yake unavunjika kwa nyuzi 16. Hata asiyechora ataona mkia wa nukta umekunjika. Atajua mambo mawili kwa mpigo: kwamba tumemwona, na kwamba tumekwenda kulia. Ndiyo maana kanuni inataka mabadiliko yawe makubwa kiasi cha kuonekana wazi kwa mwenzako anayekutazama kwa macho au kwa rada, na inakataza mfululizo wa mabadiliko madogomadogo. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona ni tahadhari ya kiufundi. Sasa naiona ni sheria ya mazungumzo. Usukani ndio sauti uliyo nayo, na mtu anayeongea na asiyemwona hana budi kutamka.

Rafiki yangu mmoja, mhandisi wa meli na mbishi wa kuzaliwa, alinikatiza nilipomweleza haya. “Lakini kaka, mkiambiwa wote wawili mchukue hatua, si ndipo mtakapogongana? Afadhali mmoja akae kimya.” Hoja yake ina nguvu. Watu wawili kwenye korido nyembamba, kila mmoja akimpisha mwenzake, hukutana palepale. Jibu la kanuni ni kwamba hukuachiwa uchague upande. Wote wakijiepusha na kushoto, wema wao haugongani. Doria ilikwenda kushoto kwa sababu nafasi ilionekana iko kulia kwake, na kwa picha iliyokuwa nayo ilikuwa busara. Kanuni inakuomba wakati mwingine uiache busara ya picha yako, kwa sababu picha hiyo mwenzako hana, ila kanuni anayo.

Kwa mtu kijana anayependa kujiamulia, hilo ni gumu kumeza. Inakupasa kufanya jambo ambalo macho yako mwenyewe yanakuambia si bora, kwa ajili ya mtu ambaye huna hakika anafuata kanuni hiyohiyo. Sina njia ya kulilainisha. Ninachoweza kusema ni kwamba baada ya kugeuka kazi haijaisha. Unaendelea kupima nukta mpaka imepita na kubaki nyuma, kwa sababu yeye naye huenda ameanza kugeuka, na mwenye kujua mapema kwamba mstari haukupinda kama ulivyotarajia ndiye mwenye muda wa kusimamisha injini.

Muda, hasa. Katika hayo yote kasi ndiyo inayogusa mfuko. Nimekaa zamu na nahodha aliyepunguza mwendo hadi noti 7 kwenye ukungu wa Bahari ya Kaskazini, na simu ya ofisi ikalia kuuliza mbona tutachelewa bandarini. Akajibu kwa adabu, akakata, akaagiza chai. Hakugeuza usukani hata mara moja asubuhi ile. Alinunua dakika tu. Mwendo ukipungua kwa nusu, kila nukta unaisoma mara nyingi zaidi kabla haijafika, na taarifa haba inaacha kuwa haba.

Siku hizi kuna AIS, ambayo huandika jina la meli, kasi yake na uelekeo wake kama meli yenyewe inavyoutangaza, na rada hukokotoa CPA ndani ya dakika chache bila kalamu ya nta. Baadhi ya wenzangu wanaona haya niliyoyaandika ni historia. Ila namba ya CPA huonyeshwa kwa desimali mbili hata pale msingi wake ni vipimo viwili vyenye mtetemo, na mimi naona desimali mbili zina ushawishi kuliko kalamu ya nta. Kalamu ilikuonyesha nukta zilizopinda. Namba haionyeshi ilivyohangaika. Kwa hiyo mbele ya namba ya kwanza huwa nasubiri, natazama kama inatulia au inaruka, maana inayoruka kutoka 0.3 hadi 1.1 na kurudi inaniambia kitu ambacho yenyewe haikuandika. AIS nayo inahitaji mwenzako awe nayo, awe ameiwasha, na awe ameijaza sawasawa.

Pwani yetu ukungu wa baharini ni nadra. Tunachokijua sisi ni mvua ya masika inayoshuka kama pazia, nayo kwa kanuni ni ukungu tosha. Mvua ile hufanya jambo ambalo ukungu mwembamba haufanyi: yenyewe inarudisha mwangwi, inaweka wingu la mwanga kwenye skrini, na vilivyomo ndani ya wingu hilo havionekani. Mawimbi nayo yanarudisha mwangwi karibu na katikati ya duara. Kuna kitufe cha kuyafuta. Ukikizungusha, skrini inakuwa safi na nzuri, na pamoja na mawimbi umefuta kila kitu chenye mwangwi hafifu kama wao. Mbao hurudisha mwangwi hafifu. Ngalawa yenye wavuvi watatu, bila chuma cha maana ndani yake, inaweza isiwe nukta kabisa. Haina O, haina A, haina CPA. Yote niliyoyasema kuhusu kutamka kwa usukani hayawafikii wale, kwa sababu hawana skrini ya kutusoma, na sisi hatuna wa kumtoa kwenye tofauti yetu.

Kwao zimebaki njia za zamani: mwendo mdogo, honi moja ndefu isiyopita dakika mbili bila kurudiwa, na mtu mmoja aliyetumwa omo, mbali na kelele za injini, asimame na koti la mvua na redio ya mkononi, asikilize.